Kwa nini Nandete, kwa nini Julai 1905

(Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi kwa wanafunzi wa Fomu Faivu na Fomu Siksi na walimu wachache waliokuja nao. Nimeandika kutoka kwenye notsi zangu na rekodi ya simu, sijasafisha sana, pale nilipozunguka mnisamehe.)

Habari za asubuhi jamani. Walimu wenzangu shikamooni wale mnaostahili, na nyinyi wadogo zangu marahaba hata kabla hamjanipa. Nimeambiwa nina saa moja na nimeambiwa niongelee sababu za vita, za muda mrefu na za muda mfupi, na jinsi ya kuzipima kwenye insha. Mada ni pana hiyo, ukiiachia inakupeleka mpaka Vita vya Wapunisi, kwa hiyo mi nimeamua tukae na vita moja tu ambayo wote hapa mmeshawahi kuiandikia insha, Maji Maji, tuifumue mpaka ionekane utumbo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio. Swali lilikuwa la kawaida kabisa, chambua sababu za vita vya Maji Maji. Insha ya kwanza: kodi, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, pamba, kunyang'anywa ardhi, wamisionari kudharau mila, alafu mwisho kabisa mistari minne, "sababu ya muda mfupi ilikuwa ni Kinjikitile kuwapa watu maji ya kugeuza risasi." Insha ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo, huyu yeye alitanguliza wamisionari. Nikafika ya kumi na kitu nikachoka nikafanya utundu, nikachukua penseli, nikafuta kila palipoandikwa Maji Maji nikaandika vita vya Abushiri vya 1888, na pale kwenye pamba nikaweka ushuru wa forodha. Insha ikasimama vilevile! Haikuyumba hata kidogo. Nikaweka Mkwawa. Ikasimama tena. Sasa insha ambayo unaweza kuivua vita yake ukaivalisha nyingine na isionekane tofauti, hiyo haijaeleza vita yoyote, imeeleza tu kwamba ukoloni ni mbaya, jambo ambalo msahihishaji alikuwa analijua kabla hajaketi.

Nisijifanye msafi. Mi mwenyewe nikiwa Fomu Siksi niliandika insha ya hivyo, nikaanza na kodi kwa mbwembwe, kwamba kodi ya kibanda, rupia 3 kwa nyumba, ilikuwa ndo sababu kubwa kuliko zote. Mwalimu wangu hakunikata maksi pale, aliandika tu pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kodi imeanza 1898. Kwa nini hawakupigana 1898?" Basi. Nilikaa na lile swali wiki nzima sina jibu. Na kwa kweli hotuba yote ya leo ni jibu la swali lile, nimechelewa tu kama miaka ishirini hivi.

Tuliangalie kwa makini lile swali la kalamu nyekundu. Kodi ilikuwa ya koloni zima. Imelipwa Tanga, imelipwa Pangani, imelipwa Iringa, imelipwa Usambara. Vita ya 1905 haikuwa ya koloni zima, ilikuwa kusini na kusini mashariki, kutoka vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, ikaenda Rufiji, Uzaramo, Liwale, Mahenge, ikafika Ungoni na Ubena. Kwa hiyo kodi ilikuwepo mahali penye vita na pasipo na vita, ilikuwepo mwaka wenye vita na miaka saba isiyo na vita. Kitu kilichopo kila mahali na kila wakati hakiwezi peke yake kueleza jambo lililotokea mahali fulani na wakati fulani. Hii haimaanishi kodi haikuwa na kazi, hapana, kodi ilimfanya mtu atafute pesa ya mzungu, ilimtia mkononi mwa akida na jumbe, iliweka hasira kwenye kila nyumba. Ila inaeleza hasira. Haielezi vita. Na watu wana hasira miaka mingi bila kupigana, sote tunalijua hilo, tunaishi nalo.

Sasa tusogee kwenye pamba. Gavana von Götzen aliingia 1901, na mwaka 1902 serikali yake ikaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja, yaani kila jumbe anafungua shamba na watu wake wanalazimika kulilima. Ilianzia wilaya ya Dar es Salaam, ikasambaa kusini mpaka Kilwa na kwingine. Kwa Dar es Salaam mpango ulikuwa siku 28 za kazi kwa mwaka. Ukisema siku 28 mtu wa mjini anasema mbona kidogo, mwezi mmoja tu. Lakini mwulize bibi yako aliyelima mpunga, siku 28 zipi? Pamba haikusubiri umalize kupalilia kwako. Palizi ya pamba inakuja wakati wa palizi ya chakula, na kuchuma nako kuna wakati wake, na wewe uko shamba la jumbe huku ngedere na nguruwe pori wako shambani kwako wanakula. Pesa ya mauzo iligawanywa, sehemu kwa waliolima, sehemu kwa jumbe, sehemu kwa mfuko wa wilaya, na ile ya walimaji ikiishagawanywa kwa vichwa inakuwa ndogo kiasi kwamba wapo waliokataa hata kuipokea. Hebu mfikirie mtu anayekataa pesa wakati anadaiwa kodi ya rupia 3.

Mnaona pamba ina nini ambacho kodi haina? Ina tarehe na ina ramani. Imeanza 1902, imekolea 1904 na 1905, na ipo kwenye maeneo yale yale vita ilipoanzia. Kwa hiyo ukija kupima, pamba inaizidi kodi, kwa sababu inajibu "kwa nini hapa" na inakaribia kujibu "kwa nini sasa". Ningekuwa nasahihisha, mtu akiniandikia sentensi hiyo moja tu, kwamba kodi ilikuwa pana mno kueleza vita ya kusini lakini pamba ilikuwa ya kusini kwelikweli, ningempa maksi zaidi ya yule aliyeniandikia pointi nane.

Ila msishangilie pamba bado. Nendeni Ungoni. Wangoni waliingia vitani mwezi Septemba 1905, na walipigana kwelikweli, ila hawakuingizwa vitani na shamba la pamba la jumbe kama Wamatumbi. Wao walikuwa na ya kwao. 1897 Wajerumani walipokuja kujenga boma pale panapoitwa Songea leo waliwaita wakubwa wa Wangoni wakawakamata, na kuanzia hapo himaya iliyokuwa inaishi kwa kuvamia na kuteka ikaambiwa basi, mwisho, lipeni kodi kama wengine. Hasira ya mtu aliyekuwa mtawala akashushwa haifanani na hasira ya mkulima wa Umatumbi anayelimishwa. Ni vita moja, ila watu hawa wawili hawakuingia kwa mlango mmoja.

Hapa ndo kwenye jambo nililokuja kulisema leo, mengine yote ni mapambo. Sababu haina uzito mmoja kwa vita nzima. Kabla hujasema sababu hii ni nzito au nyepesi, jiulize nzito kwa ajili ya kueleza nini? Kueleza kwa nini watu walikuwa na chuki? Kueleza kwa nini ilianza pale Nandete, kijiji cha Umatumbi, na sio Songea? Kueleza kwa nini ilitoka Nandete ikafika Songea? Hayo ni maswali matatu, na kila moja lina sababu yake nzito. Chuki, hapo sababu za muda mrefu zinatawala, kodi, shuruti, viboko vya maakida. Kuanza, pamba. Kuenea, pamba inakuwa nyepesi kama pamba yenyewe, samahani kwa mzaha huo, na kinachobeba uzito ni maji.

Tukae na maji basi, maana ndo mnayafanyia dhuluma kubwa, mnayapa mistari minne mwishoni.

Mwaka 1904 pale Ngarambe, bonde la Rufiji, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo. Wazee walivyosimulia ni kwamba alijitumbukiza kwenye bwawa, ndugu zake wakamtafuta wasimwone, kesho yake akatoka maji hayajamlowanisha nguo, akaanza kunena. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe, na baadae maneno yakawa yanapita kwa kunong'onezana, wenyewe Wamatumbi waliita njwiywila, mtu anamwambia mwenzake na mwenzake anamwambia mwingine, na maakida hawajui kinachoendelea. Wajumbe wa dawa, waliitwa mahongo, wakaenda nayo sehemu mbalimbali. Hizi habari nyingi tunazo kwa sababu mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wameiona vita au kusikia kwa walioiona, na kina Gilbert Gwassa walifanya kazi kubwa sana pale. Bila wao tungebaki na maelezo ya boma tu.

Sasa swali. Kabla ya 1904, nini kilikuwa kinawazuia watu wa kusini kupigana? Hebu mlione vizuri hili swali, kwa sababu kwenye insha zenu sababu zote ni za kusukuma, kodi inasukuma, kiboko kinasukuma, pamba inasukuma, hakuna hata mtu mmoja aliyeandika kuhusu kinachozuia. Na vita haiji kwa kusukumwa tu. Kilwa ilikuwa imeshapigana. Hassan bin Omari Makunganya alipigana na Wajerumani akashindwa, 1895 wakamnyonga pale Kilwa Kivinje kwenye mwembe ambao mpaka leo unajulikana kwa jina, Mwembe Kinyonga. Wahehe walikuwa wameshapigana, wakashinda Lugalo 1891, wakabomolewa Kalenga 1894, Mkwawa akajipiga risasi 1898. Abushiri alinyongwa Pangani 1889. Kila mtu mzima aliyekuwa hai 1905 alikuwa amejifunza mambo mawili kwa macho yake, kwanza kwamba ukipigana peke yako na kabila lako mnapigwa peke yenu, pili kwamba bunduki ya Mjerumani haina mwenzake, hasa zile za rashasha walizoziita bombomu.

Hivyo ndo vizuizi viwili, utengano na bunduki. Na maji ya Kinjikitile yanajibu kipi? Vyote viwili! Risasi itageuka maji, hapo bunduki imeondoka kwenye hesabu ya mtu. Na dawa ni moja kwa wote, Mmatumbi anakunywa, Mndengereko anakunywa, Mpogoro anakunywa, Mngoni ananyunyiziwa, hapo utengano umeondoka, walau kwa miezi michache. Kwa hiyo maji hayakuleta chuki, chuki ilikuwepo. Maji yaliondoa kilichokuwa kinaizuia chuki isiwe vita. Mkiandika "sababu ya muda mfupi ni cheche tu", lile neno "tu" ndo linaloharibu. Mfano wa petroli na kiberiti mnaupenda sana, ila unawadanganya, kwa sababu kwenye petroli na kiberiti njiti yoyote inawasha. Huku kusini njiti nyingi zilishawashwa, Makunganya alikuwa njiti, zikazimika. Hii moja haikuzimika, na kazi ya insha ni kusema kwa nini.

Na tukiwa hapo hapo, je maji yenyewe ni ya muda mfupi? 1904 mpaka 1905, mwaka mmoja, utasema ndiyo. Lakini watu wa Rufiji na nchi za jirani walikuwa na sehemu za matambiko tangu zamani, Bokero huko Rufiji, Kolelo huko Uluguru, watu walikuwa wanatembea siku nyingi kwenda kuomba mvua na rutuba. Kinjikitile hakuanzisha njia mpya, alipita njia iliyokwisha kulimwa na mababu, watu walikuwa tayari wanajua kwenda mbali kufuata dawa na kurudi nayo kwao. Kwa hiyo hata ile mistari ya "muda mrefu" na "muda mfupi" mnayoichora katikati ya karatasi, mara nyingine inapita katikati ya kitu kimoja. Sio vibaya kusema hivyo kwenye insha. Ni vizuri sana kusema hivyo kwenye insha.

Haya, siku yenyewe. Mwishoni mwa Julai 1905, Nandete, Umatumbi. Inavyosimuliwa, Kinjikitile alikuwa amewaambia watu wasubiri, atatoa amri, mpaka pande zote ziwe tayari. Wamatumbi wakaona amri haiji na pamba iko shambani inawangoja. Wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, wakaingia shamba la pamba wakang'oa miche. Sio shamba zima, miche michache tu, mitatu wanasema. Hakuna aliyepigwa mkuki siku ile pale shambani. Lakini kila mtu, kuanzia jumbe mpaka akida kule Kibata, alielewa maana yake, ukiing'oa pamba ya serikali umetangaza vita, na baada ya muda mfupi wakaandamana kwenda Kibata kwa akida.

Nataka mlitazame tukio hili kama mnatazama picha kwenye simu, mlivute karibu. Miche mitatu. Ukisema vita ilisababishwa na kung'oa miche mitatu ya pamba, watu watacheka. Ukisema miche haikuwa na maana, umeshindwa kueleza kwa nini vita ilianza kabla Kinjikitile hajatoa amri. Na hilo la kuanza mapema lilikuwa na matokeo makubwa, kwa sababu pande zingine hazikuwa tayari. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ina siku chache tu. Boma la Mahenge lilishambuliwa 30 Agosti, Wangoni wakaingia Septemba. Ilienda kwa mafungu, ikampa Mjerumani muda wa kuomba askari wa nje na kushughulika na upande mmoja mmoja. Kwa hiyo tukio la siku moja lilipanga hata sura ya vita. Sasa ukilipa mstari mmoja, "chanzo cha karibu kilikuwa kung'oa pamba", umetupa dhahabu.

Kuna kipimo kingine huwa nakipenda, cha wale wasiopigana. Wahehe 1905 hawakujiunga, na wapo waliopigana upande wa Mjerumani kama askari wa msaada. Wahehe! Wale wa Lugalo. Kodi walilipa, boma walikuwa nalo Iringa, chuki walikuwa nayo. Kama sababu zako za muda mrefu zingekuwa nzito kama unavyodai, Iringa ingewaka ya kwanza. Lakini ilikuwa imepita miaka saba tu tangu Mkwawa afe, nchi ilikuwa imechoka, na majirani waliokuwa wanapigana ni wengine ambao Wahehe walikuwa na ugomvi nao wa zamani. Kwa hiyo jambo la muda mrefu, kumbukumbu ya kushindwa, limefanya kazi ya breki. Insha nzuri kwenye aya moja inaweka wanaopigana na wasiopigana upande kwa upande, kwa sababu hapo ndo uzito unaonekana, kama mizani ya sokoni, huwezi kupima kilo ya sukari bila jiwe upande wa pili.

Niseme kidogo kuhusu nani alipima kabla yetu, maana nao walikuwa na mkono kwenye mizani. Götzen alisisitiza uganga na ushirikina. Unaona inavyomfaa? Kama ni uchawi, basi gavana hana kosa. Wapinzani bungeni Berlin wao wakasisitiza shuruti na kodi, inawafaa, wanataka serikali ibanwe. Baada ya uhuru sisi nasi tukasisitiza umoja, inatufaa, tunajenga taifa, na tukawapunguza Wahehe kwenye hadithi. Tazameni pia serikali ilifanya nini baadae, gavana mpya Rechenberg aliingia 1906 na yale mashamba ya pamba ya pamoja yakaachwa, ila kodi ikabaki. Watawala wenyewe kwa matendo yao walituambia walidhani kipi kiliwaponza. Sio ushahidi wa mwisho huo, ila ni ushahidi, na hakuna anayeutumia.

Sasa kwenye karatasi inakuwaje. Niliandika mfano nikauleta, aya ya kawaida mnayoandika inakwenda hivi: "Sababu nyingine ya vita ilikuwa ni kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Wajerumani waliwalazimisha Waafrika kulima pamba kwa malipo madogo. Hii ilisababisha wachukie na kupigana." Sentensi ya tatu ndo mbovu, imeruka kutoka kuchukia mpaka kupigana kama vile ni hatua moja, na tumeona hapo katikati kuna bonde zima la Rufiji.

Aya hiyo hiyo ikipimwa: "Pamba ya kulazimishwa inaeleza vizuri zaidi ya kodi kwa nini vita ilianzia Umatumbi, kwa sababu kodi ilikuwa ya koloni zima tangu 1898 wakati mashamba ya pamba yalikuwa mapya na yalikuwa kusini. Lakini pamba haielezi kwa nini Wangoni walijiunga Septemba 1905. Kwa hilo inabidi tuangalie maji, ambayo yaliwapa watu wenye malalamiko tofauti sababu ya kupigana pamoja." Haijaongeza habari nyingi, hesabuni wenyewe. Kilichoongezeka ni maneno madogo, "zaidi ya", "kwa sababu", "lakini haielezi", "kwa hilo". Hayo ndo mawe ya mizani. Aya isiyo na neno hata moja la kulinganisha haijapima, imeorodhesha.

Na mpangilio, tafadhali. Kuanza na za muda mrefu kwa sababu zimetangulia kwa miaka sio kupima, hiyo ni kalenda. Mi ningeanza insha yangu na ile miche mitatu Nandete, alafu nirudi nyuma kuuliza ilipata wapi nguvu. Wengine mtaanza kwingine, sawa tu, mradi aya ya kwanza iseme msimamo na sio "vita hivi vilikuwa na sababu nyingi".

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili.

Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, hii inafanya kazi kwa Vita vya Kwanza vya Dunia au ni ya Maji Maji tu?" Nikamwambia jaribu. Franz Ferdinand alipigwa risasi Sarajevo 28 Juni 1914, Austria ikatangaza vita kwa Serbia 28 Julai. Mwezi mzima. Risasi ya muda mfupi haikai mwezi mzima hewani, kwa hiyo kuna watu ndani ya huo mwezi walioamua mambo, Berlin walipoahidi kuiunga mkono Austria, Vienna walipotuma masharti tarehe 23 wakataka jibu ndani ya saa 48. Na ile miungano ya mataifa makubwa mnayoiweka namba moja, ilikuwepo pia 1912 na 1913 Balkani ilipowaka, Ulaya nzima isipigane. Akasema kumbe ni kama kodi. Nikasema ndiyo, ni kama kodi.

Wa pili alikuwa binti wa nyuma kabisa, hakusimama hata. "Sasa mwalimu, mimi kwenye mtihani Kinjikitile nimweke kwenye muda mrefu au muda mfupi? Maana swali litataka hivyo." Kicheko. Nikamwambia mweke muda mfupi, alafu sentensi inayofuata andika kwamba njia aliyoipita ilikuwa ya zamani. Akauliza, "Na kama msahihishaji ana orodha yake ya pointi?" Nikamjibu kweli, wapo wenye orodha, na kwenye orodha hiyo Kinjikitile yumo, kwa hiyo maksi ya pointi utaipata hata kwa yule mvivu, ile sentensi ya pili ni ya yule anayesoma. Akaandika kitu kwenye daftari, alafu akaniomba nimtajie tena majina ya wale wazee wawili wa Nandete, taratibu, aandike vizuri. Ngulumbalyo Mandai. Lindimyo Machela.